Siku 30 ni zako, zinazobaki ni za kwao

*Habari kaka. Nilifuta akaunti yangu ya Insta ya kuuzia madera baada ya kugombana na mteja, nilikuwa na hasira tu, sasa imepita kama wiki tatu na siku kadhaa hata tarehe sikumbuki vizuri. Nilikuwa na wafuasi 8,400. Wengine wananiambia nina siku 30, wengine 90, na kuna kijana anataka elfu sitini airudishe. Shoga yangu akiitafuta haioni kabisa. Bado naweza kuipata au ndo imeenda?*

Dada, kabla hujaendelea kusoma fungua Instagram kwenye simu yako, andika yuzaneimu yako ya zamani na paswedi, uingie. Nina maana sasa hivi, haya maelezo mengine yatakusubiri. Kama ikikuletea skrini inayokwambia uliomba akaunti ifutwe na una mpaka tarehe fulani kubadili mawazo, basi uko ndani ya muda, bonyeza kile kitufe cha kubakisha akaunti na mambo yameisha, madera yako na wafuasi wako wote wanarudi pale pale walipokuwa.

Umeshajaribu? Haya, tuongee.

Kwanza nikuondoe presha kwenye hilo la shoga yako kutoiona. Hiyo haimaanishi chochote, kweli kabisa. Ile dakika uliyobonyeza kufuta, Insta iliificha akaunti yako isionekane na mtu yeyote, picha zikapotea, jina likatoka kwenye sachi, na mtu akifungua ile linki yako ya zamani anaambiwa huu ukurasa haupatikani. Anaona kitu kile kile kama umezima kwa muda, kama umefuta juzi, kama umefuta mwaka jana, na hata kama umemblok yeye mwenyewe. Kwaiyo ukimtuma mtu akuchungulie hakusaidii, sana sana anakuongezea wasiwasi. Anayeweza kujua hali ya akaunti ni mwenye paswedi tu, na anajua kwa kulogini, hamna njia nyingine.

Sasa hizo namba mbili, 30 na 90. Wote waliokwambia wako sahihi, ila wanaongelea vitu viwili tofauti na hapa ndo watu wengi wanaumia. Mwenye Instagram na Facebook ni mmoja, Meta, na utaratibu wake kwenye hizi mbili unafanana. Ukishaomba kufuta, siku 30 za kwanza ni zako. Akaunti ipo nzima, imefichwa tu, na wewe ukirudi ukasema nabakisha, inabaki. Siku 30 zikiisha kazi ya kufuta yenyewe ndo inaanza, na hiyo kazi inaweza kuwachukua hadi siku 90 kuimaliza. Hizo 90 sio zako. Ni muda wa mafundi wao kupita kwenye mitambo yao kusafisha, na hapo hata ukilia mlango umeshafungwa. Mtu anasoma mahali "siku 90" anajipa moyo bado nina miezi miwili, anarudi siku ya 40 anakuta hamna kitu, afu anasema ameonewa.

Nimeona hilo zaidi ya mara moja hapa ofisini kwangu. Mimi natengeneza simu na kompyuta na watu wananiletea hizi kesi za akaunti karibu kila wiki, na asilimia kubwa wanachelewa sio kwa sababu hawakujua kuna muda, ni kwa sababu waliambiwa muda mrefu kuliko ulivyo.

Unaweza kujiuliza kwa nini wanahitaji siku nyingi hivo kufuta picha za madera. Ni hivi. Akaunti yako haijakaa kwenye faili moja mahali pamoja kama daftari kwenye droo kwamba wanalitoa wanalichana. Picha moja ya dera uliyoposti ina nakala kwenye seva kadhaa ili mtu wa Tanga na mtu wa Muscat wote waipate haraka, ina komenti za watu chini yake, ina laiki, ina watu waliotagiwa, imehifadhiwa na watu kwenye vile vifaili vyao, imetumwa kwenye inboksi za watu. Kila kimoja kimeandikwa sehemu yake na kimefungwa kamba na vingine. Mwaka 2020 mainjinia wa Facebook walieleza mfumo wao wa kufutia wanaouita Delf, na ukiuelewa kidogo unaona kwa nini sio kazi ya dakika moja. Kwa kila kamba lazima mashine ijue, nikifuta hiki na kile kingine nikifute au nikate kamba tu? Ukifuta picha yako, komenti zilizo chini yake zinapaswa kwenda nayo. Ila ukifuta laiki uliyompa mwenzio, picha ya mwenzio haipaswi kuguswa, inakatwa kamba tu. Sasa zidisha kwa miaka minne ya biashara yako.

Afu kuna bakap. Kampuni zinaweka nakala za akiba kwa ajili ya siku mitambo ikiungua au programu ikikosea, na huko sio rahisi kumchomoa mtu mmoja. Meta wenyewe wanasema wazi kwamba baada ya hizo 90 nakala zinaweza bado kuwepo kwenye hizo akiba zao. Na najua unachotaka kuniuliza hapa, kaka kama ipo kwenye akiba si wanaweza kunirudishia? Hapana. Ile akiba ni ya kuokoa mtambo wao ukianguka, sio kabati la kumtafutia mteja mmoja nguo yake. Hamna fomu ya kuomba, hamna namba ya kupiga, hamna mhudumu mwenye ufunguo huo.

Na usidhani hiyo 30 imeshushwa kutoka mbinguni. Upande wa Facebook zamani ilikuwa siku 14 tu, wakaiongeza mwaka 2018 kuwa 30, na sababu waliyoitoa ni kwamba waligundua watu wengi wanajaribu kuingia kwenye akaunti walizofuta baada ya zile siku 14 kupita. Yaani hasira za watu zilikuwa zinachukua zaidi ya wiki mbili kupoa, na wewe ni mmojawapo, wala usijilaumu.

Turudi kwako, maana umesema tarehe huikumbuki, na hapa kila siku ina thamani. Kuna njia za kuitafuta. Angalia imeili uliyofungulia akaunti, tafuta neno Instagram, soma tarehe za meseji za mwisho mwisho. Angalia kwenye WhatsApp ulivyomlalamikia shoga yako usiku ule, najua ulimwambia mtu, hamna anayefuta akaunti yenye watu elfu nane kimya kimya. Njia ninayoipenda mimi kwa wafanyabiashara ni meseji za M-Pesa, oda ya mwisho iliyotokea Insta ililipiwa lini? Ulifuta siku hiyo au siku chache baadae. Ukipata tarehe, hesabu siku 30 kwa kalenda, usiseme mwezi. Mfano mtu aliyefuta tarehe 3 Machi mwisho wake ni tarehe 2 Aprili, sio tarehe 3, kwa sababu Machi ina siku 31. Siku moja hiyo imeshawatoa watu machozi. Na usipange kuingia siku ya mwisho jioni, ukiambiwa tarehe 2 wewe ichukulie ni tarehe 30 Machi ulale usingizi.

Nikupe kesi ya kijana mmoja muuza viatu, maana yake ilikuwa na vikwazo vyote na huenda na wewe unavyo. Alifuta tarehe 3 Machi kama huo mfano, akaja kwangu tarehe 28. Tukahesabu, siku ya 25, nikamwambia tuna siku tano tukae chini. Shida ya kwanza, paswedi haikumbuki. Alikuwa anaingia kwa simu moja miaka yote na simu yenyewe inajikumbukia, sasa ile simu ilianguka kwenye maji wiki mbili baada ya kufuta. Watu wengi wanadhani akaunti ikiwa kwenye foleni ya kufutwa huwezi kubadili paswedi. Unaweza, maana akaunti bado ipo, unabonyeza `Forgot password?` kama kawaida wanakutumia kodi. Sasa kodi inaenda wapi? Kwake ilikuwa inaenda namba ya simu iliyokuwa kwenye laini aliyoitupa, na imeili iliyoandikwa ilikuwa ya ofisi aliyoacha kazi mwaka juzi. Hapo ndo nilianza kutoka jasho.

Imeili ya ofisi tuliiacha, hawawezi kukufungulia na mimi siwezi kumuomba mtu wa IT wa watu afanye hivo. Tukaenda kwenye laini. Bahati nzuri ilikuwa imesajiliwa kwa jina lake na kitambulisho chake cha NIDA, na haikuwa imekaa bila matumizi muda mrefu, kwaiyo alienda dukani kwa mtandao husika akaweka dole gumba akapewa laini mpya yenye namba ile ile siku hiyo hiyo. Laini ikiwaka tukaomba kodi, ikaja, tukaweka paswedi mpya, tukaingia, na ile skrini ya tarehe ikatokea ikisema ana mpaka tarehe 2 Aprili. Akabonyeza kubakisha. Picha 600 na kitu za viatu zikarudi, inboksi ikarudi, na mteja wa kwanza aliandika "ulikuwa wapi" ndani ya saa moja. Tukabadilisha imeili na namba palepale kabla hajatoka ofisini.

Sasa fikiria kama angekuwa ameitupa ile laini miezi mingi. Mitandao ya simu laini isiyotumika wanaifunga na baada ya muda namba anapewa mtu mwingine kabisa. Hapo kodi yako inaenda kwa mtu wa Songea ambaye hata hakujui, na yeye akiwa mjanja anaweza kuingia kwenye akaunti yako kwa kodi hiyo hiyo. Kwaiyo dada kama laini uliyosajilia Insta unaitumia bado, huo ni ufunguo wako, usichezee.

Kikwazo kingine ni wale waliowasha ulinzi wa hatua mbili, ule wa kuomba kodi ya pili baada ya paswedi. Ukifika hapo simu ya zamani haipo, tafuta zile kodi za akiba ambazo Insta inakupaga siku unawasha, namba nane nane hivi, watu wengine wanazipiga skrinishoti wakasahau, ziko kwenye picha zako za zamani. Chimba galari.

Ukishindwa kuingia, soma vizuri skrini inakwambia nini, usibonyeze tu okei. Ikisema paswedi sio sahihi, mara nyingi ni habari njema, maana yake akaunti ipo ila ufunguo ndo umekosea. Ikisema hiyo yuzaneimu haina akaunti, kwanza hakiki herufi, nukta, na ule mstari wa chini, watu wanakosea hapo mno, halafu jaribu kwa imeili na kwa namba ya simu. Ukijaribu zote tatu, umehakiki herufi, na zote zinakwambia hamna akaunti, na hesabu yako ya siku imepita 30, basi dada imeenda.

Kuna kitu kimoja cha kukupa matumaini, na ndo swali ninalowauliza wote kabla sijagusa simu. Una uhakika ulifuta, au ulizima tu? Maana kule ndani vimekaa jirani. Unaingia `Accounts Center`, unaenda `Personal details`, afu `Account ownership and control`, afu `Deactivation or deletion`, na pale unapewa chaguo mbili, moja ya kuzima kwa muda na nyingine ya kufuta kabisa. Mtu mwenye hasira machozi yanamtoka anabonyeza ya kwanza anayoiona, na ya kuzima ndo mara nyingi inakuja imeshachaguliwa. Kama ulizima, huna haja ya kuhesabu siku, akaunti inakusubiri, siku ukilogini inawaka yenyewe. Nimeshampokea mama mmoja amekuja analia amefuta akaunti ya saluni mwezi wa nne uliopita, nikaweka paswedi yake ikafunguka hapo hapo, kumbe alizima. Alinipa soda.

Na kuna hali ya tatu ambayo haifanani na hizi, pale ambapo sio wewe uliyefuta, ni wao waliokufungia kwa kuvunja masharti yao. Hiyo ukiingia unaambiwa wazi akaunti imesimamishwa, na una siku 180 za kukata rufaa hapo hapo kwenye skrini. Kwako sio hivo, ila nimeitaja kwa sababu wale vijana wa "narudisha akaunti" wanachanganya makusudi.

Tumefika kwa kijana wako wa elfu sitini. Usimpe. Fikiria mwenyewe, kama uko ndani ya siku 30 kazi yenyewe ni kulogini na kubonyeza kitufe kimoja, utamlipa mtu elfu sitini akubonyezee? Na kama zimeshapita, hana anachoweza kufanya hata akiwa na ndugu Marekani, maana hata wafanyakazi wa kule hawana dawati la kurudisha akaunti iliyofutwa na mwenyewe. Anachouza ni nini basi? Anauza moja kati ya mambo mawili. Ama atakuomba paswedi, imeili na ile kodi "ili aanze kazi", ukimpa anaingia, anabonyeza kitufe ambacho ungebonyeza wewe, anabadilisha namba anaweka yake, na sasa akaunti imerudi kweli ila sio kwako, inauza saa feki au inaomba watu hela kwa jina lako. Ama atachukua hela ya "fomu", kesho atakwambia imekwama inahitajika nyingine ya "seva", keshokutwa amekublok. Mteja wangu mmoja alishatoa laki na themanini kwa awamu tatu kabla hajaja kwangu, na siku anakuja ilikuwa siku ya 34. Kama zile siku za mwanzo angezitumia kutafuta laini yake badala ya kumsubiri huyo bwana, angeipata bure. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa tuseme umejaribu yote na imeenda, kuna nini cha kuokota?

La kwanza ni jina. Wakati wa zile siku 30 jina lako limeshikwa, hamna anayeweza kulichukua. Akaunti ikishafutwa kabisa jina linaweza kuwa wazi na yeyote atakayewahi akalichukua, na sio lazima awe mtu mwema. Kwa mtu wa biashara hii ni hatari kuliko kupoteza picha, kwa sababu wateja wako wa zamani wanalikumbuka jina, wakiliona limerudi wanajua ni wewe, wanatuma hela. Kwaiyo kama imepita, jaribu kufungua akaunti mpya kwa jina lile lile leo, sio wiki ijayo. Likikubali umepona nusu. Likikataa, chukua linalofanana, afu watangazie watu kwenye status ya WhatsApp jina jipya ni hili na namba ya malipo haijabadilika ni ile ile, ya jina fulani. Hiyo sentensi ya namba ya malipo usiisahau.

La pili, picha. Kama ulikuwa umewasha ile ya kuhifadhi picha halisi, simu yako ina albamu inayoitwa Instagram ndani ya galari, fungua uone. Picha ulizotuma kwa wateja kwenye WhatsApp ziko kule. Wateja waliovaa madera yako wakaposti kwenye akaunti zao, hizo ni zao hazijaguswa, waombe. Na meseji ulizowaandikia watu kwenye inboksi ya Insta upande wao zinaweza bado kuwepo, ila jina lako halionekani tena, wanaona limeandikwa tu mtumiaji wa Instagram, kwaiyo mteja aliyekuwa na oda yake anaweza kukurushia skrinishoti ya mlichokubaliana.

Wafuasi 8,400 ndo hawarudi. Sikudanganyi.

Umenigusia Insta tu lakini ngoja niongeze kitu kuhusu WhatsApp na Gmail kwa sababu watu wakishasikia hizi siku 30 wanadhani ni sheria ya dunia nzima, wanajiachia. Tiktok na X na wao wanakupa siku 30, sawa. WhatsApp haikupi hata moja. Ukiingia `Settings`, `Account`, ukabonyeza `Delete account` ukaweka namba yako, imeenda dakika hiyo hiyo, umetolewa kwenye magrupu yote, meseji zimefutwa, na bakap ya Google nayo inafutwa. Ukijisajili tena kwa namba ile ile unaanza mtupu kama mgeni. Kule nako wana siku zao hadi 90 za kusafisha mitambo, ila sawa na kwa Insta, sio zako. Tofauti na kuitoa apu tu kwenye simu, ile haifuti akaunti, ukiirudisha apu na bakap ikiwepo unaendelea ulipoishia. Nasema hivi kwa sababu watu wanatamka "nimefuta WhatsApp" kwa mambo yote mawili na mimi huku lazima niulize mara tatu.

Gmail na yenyewe inakupa muda mfupi wa kurudi, ni wa kuwahi tu, unaenda ukurasa wa kurejesha akaunti ya Google unajibu maswali. Uzuri wake anwani yako hapewi mtu mwingine hata ikifutwa. Ubaya wake ni huu, na nimeuona unawaua watu wanaotaka "kujifuta mtandaoni" wikiendi moja. Wanaanza na Gmail. Sasa Gmail ndo ilikuwa inapokea kodi za Insta, za Facebook, za kila kitu, wameuchoma ufunguo kabla ya kufungua milango. Siku ya tano wanabadili mawazo kuhusu Insta, siku 25 bado zipo mkononi, na hawana pa kupokea kodi. Imeili ifutwe ya mwisho, tena miezi kadhaa baada ya vingine.

Hivo hivo kwa Facebook kama utakuja kuigusa. Ile ndo inabeba Messenger, inabeba ukurasa wa biashara kama wewe ndo admini peke yako, na inabeba apu zote ulizoingilia kwa kubonyeza "endelea kwa Facebook", magemu, muziki, apu za kuuzia. Kabla ya kufuta weka mtu mwingine awe admini wa ukurasa, na kwenye zile apu weka imeili na paswedi ya kwako. Kufuta ukikosea unaingia ndani ya siku 30 unabonyeza `Cancel Deletion`. Ila kama ulizima tu, angalia, ukitumia Facebook kulogini kwenye apu nyingine yoyote inajiwasha yenyewe, na watu wanashangaa nilizima mbona ndugu zangu wananiona.

Na siku nyingine ukitaka kufuta kweli kweli, sio kwa hasira, kwanza omba nakala ya vitu vyako, iko humo humo `Accounts Center` wanakuandalia faili la picha, meseji, na orodha ya wafuasi. Linaweza kuchukua muda kuwa tayari na linki yake inakaa siku chache tu, kwaiyo ukipata imeili pakua siku hiyo, lifungue uone picha zipo ndani, afu ndo ukafute. Zikishapita siku 30 hilo faili hulipati tena.

Sasa hebu niambie, ile skrini ilileta nini? Kama ni paswedi nijibu laini iliyosajiliwa Insta ni ipi na iko kwa nani, tuanzie hapo, na usinitumie kodi yoyote.